Kaya ngapi zihojiwe? Mwongozo kamili wa kuchagua ukubwa wa sampuli, kwa mfano wa kura ya maoni kuhusu maji Mombasa

Anayepanga kura ya maoni huuliza kwanza ahoji watu wangapi, na mara nyingi hujibiwa 384 au 400 kabla hata hajaeleza anachotaka kujua. Nambari hizo hazikutungwa ovyo, lakini zimesimama juu ya sharti moja ambalo kura nyingi za maoni hazilitimizi, na asiyelijua sharti hilo hutangaza matokeo yenye mashaka makubwa kuliko anavyodhani. Mwongozo huu unafuata kazi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie kwamba kikundi cha wakazi wa Mombasa kinataka kukadiria ni asilimia ngapi ya kaya za kaunti zilinunua maji kwa wachuuzi, yale ya mikokoteni na mitungi ya lita 20, katika siku saba zilizopita. Kikundi hicho, gharama zake na majibu yake ni mfano wa kufanyia hesabu.

Hatua ya kwanza: jua jibu litaamua nini

Kiwango cha makosa ni umbali ambao kadirio la sampuli linatarajiwa kuwa nao, juu au chini, kutoka asilimia ya kweli, kwa sababu tu tumehoji baadhi ya kaya badala ya zote. Tukisema asilimia 60, kiwango cha makosa pointi 5, kwa uhakika wa asilimia 95, maana yake ni kwamba njia tuliyoitumia, lau ingerudiwa mara nyingi kwa sampuli mpya kila mara, ingetoa masafa yanayoifumbata asilimia ya kweli katika takriban mara 95 kati ya 100. Safari hii masafa yetu ni 55 hadi 65.

Je, masafa hayo yanatosha? Hilo hutegemea uamuzi unaosubiri. Kikundi chetu kinataka kuandika ombi kwa serikali ya kaunti ikiwa zaidi ya nusu ya kaya zinanunua maji. Ikiwa ukweli uko karibu na asilimia 60, pointi 5 zinatosha kabisa, kwa kuwa hata mwisho wa chini wa masafa uko juu ya nusu. Ikiwa ukweli ni asilimia 52, pointi 5 hazitasaidia kitu, na ili kuitenga 52 na 50 ingebidi kiwango cha makosa kishuke chini ya pointi 2. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hawezi kutaja uamuzi wake hana sababu ya kuchagua pointi 3 badala ya 5, na pointi 3 zake zitakuwa za fahari tu, kama tutakavyoona tukifika kwenye shilingi.

Tuseme kikundi kimezungumza na wazee wa mitaa na wauzaji maji, kikadhani kwamba jibu liko mbali kiasi na nusu, na kikachagua pointi 5.

Hatua ya pili: fanya hesabu ya msingi

Fomula inayotumika kwa sampuli ya kubahatisha iliyo sahili, yaani ile ambayo kila kaya imechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima, ni hii:

```
n = z² × p × (1 − p) / e²
```

Hapa n ni idadi ya kaya za kuhojiwa, z ni 1.96 kwa uhakika wa asilimia 95, p ni asilimia tunayoitarajia ikiandikwa kama desimali, na e ni kiwango cha makosa. Kwa kuwa p ndiyo hasa tunayoitafuta, huwekwa 0.5, kwani hapo ndipo p × (1 − p) huwa kubwa kuliko mahali pengine popote, na sampuli inayotosha kwa 0.5 itatosha kwa asilimia nyingine yoyote. Tukiweka e kuwa 0.05 tunapata 384.16, nasi tunapandisha hadi 385. Wanaoandika 384 wamekata desimali au wameinakili kutoka jedwali linalotumika sana vyuoni. Wanaoandika 400 kwa kawaida wametumia fomula ya mwanatakwimu Yamane, ambayo ni hesabu hii hii ikiwa z imekadiriwa kuwa 2.

Kwa pointi 4 tunahitaji kaya 601, kwa pointi 3 kaya 1,068, kwa pointi 2 kaya 2,401, na kwa pointi 1 kaya 9,604. Sababu ya mruko huo ni kwamba e iko chini ya mstari ikiwa imepigwa kipeo cha pili, hivyo kukata kiwango cha makosa kwa nusu hudai sampuli mara nne. Mahojiano 216 ya kwanza baada ya 385 yanapunguza pointi moja nzima, kutoka 5 hadi 4, ilhali kutoka pointi 2 hadi 1 yanatakiwa mahojiano ya ziada zaidi ya 7,000. Ukitaka kukisia bila kikokotoo, gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha sampuli: kaya 400 hutoa takriban 0.05, na kaya 2,500 hutoa 0.02.

Ona kwamba idadi ya kaya zote za Mombasa haimo katika fomula. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya 378,422 katika kaunti hii, na lau zingekuwa mara kumi zaidi bado jibu lingekuwa 385. Dai la kwamba sampuli nzuri ni asilimia kumi ya watu wote lingetutuma kwenye milango zaidi ya 37,000 bila faida inayolingana na jasho. Idadi ya wote huanza kuwa na uzito pale tu sampuli inapokuwa sehemu kubwa ya kundi lenyewe, kwa mfano mtaa mmoja wenye kaya 600, ambapo 385 hupungua hadi 235 kwa fomula hii, N ikiwa idadi ya kaya zote:

```
n / (1 + (n − 1) / N)
```

Hatua ya tatu: rekebisha kwa sababu ya majirani

Sasa tulifikie lile sharti. Hesabu ya 385 hudhani kwamba kaya zimetawanyika kaunti nzima, moja Mtongwe, moja Tudor, moja Miritini, kila moja ikiwa imechaguliwa pasipo kutegemea nyingine. Kwa vitendo hakuna kikundi chenye orodha ya kaya zote 378,422, na lau kingekuwa nayo kisingekuwa na nauli ya kuzifuata moja moja. Kinachofanyika ni kuchagua kwanza maeneo madogo, kama yale yaliyogawanywa kwa ajili ya sensa, kisha kuhoji kaya kadhaa katika kila eneo.

Majirani hufanana, na katika suala la maji hufanana mno. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya Mishomoroni yenye vyumba vinane, kila chumba kina mpangaji wake, na mfereji mmoja uko uani. Mfereji ukikauka siku nne, wapangaji wote wanane wananunua kwa mkokoteni ule ule. Mhoji akibisha vyumba vyote vinane ataandika mahojiano manane, lakini amepata habari inayokaribia kuwa ya mahojiano mawili. Hali ni hiyo hiyo kwa mtaa mzima unaotegemea laini moja inayofunguliwa kwa zamu.

Wanatakwimu hupima mfanano huo kwa nambari kati ya 0 na 1, ambayo tutaiita r: 0 ikiwa majirani hawafanani kuliko watu wowote wawili wa kaunti, na 1 ikiwa eneo zima hutoa jibu moja. Kwa maoni ya kisiasa au ya ladha r huwa ndogo, mara nyingi chini ya 0.1. Kwa mambo yanayofuata bomba, barabara au waya wa umeme huwa kubwa zaidi. Tuchukulie 0.2 kwa kazi yetu. Kizidishi cha sampuli hupatikana hivi, m ikiwa idadi ya kaya zinazohojiwa katika kila eneo:

```
kizidishi = 1 + (m − 1) × r
```

Kwa kaya 20 kila eneo, kizidishi ni 4.8. Kikundi kikihoji kaya 1,080 katika maeneo 54 kitadhani kina kiwango cha makosa cha pointi 3, lakini 1,080 ikigawanywa kwa 4.8 ni 225, na kaya 225 hutoa pointi 6.5. Hakuna aliyedanganya wala hakuna hojaji iliyojazwa vibaya. Ni hesabu ya msingi tu iliyotumika mahali pasipo pake. Ukisoma ripoti ya kura ya maoni iliyofanywa mtaa kwa mtaa, na kiwango chake cha makosa kinalingana barabara na fomula ya hatua ya pili, basi ujue kizidishi hakikuwekwa.

Hatua ya nne: tafuta idadi ya kaya kwa kila eneo

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea, nami ningemshauri mpangaji atumie muda wake mwingi hapa kuliko mahali pengine. Kila eneo lina gharama yake lenyewe kabla ya swali la kwanza kuulizwa: nauli, kumwona mzee wa mtaa, kutembea uchochoro kwa uchochoro na kuorodhesha kaya. Tuseme hiyo ni shilingi 2,000. Kisha kila mahojiano yana gharama yake, tuseme shilingi 250. Kwa kaya 20, eneo moja hugharimu shilingi 7,000, na maeneo 54 ni shilingi 378,000.

Chukua sasa shilingi hizo hizo 378,000, lakini uhoji kaya 6 tu kila mahali. Eneo moja hugharimu 3,500, hivyo unafika maeneo 108 na kuhoji kaya 648. Kizidishi ni 1 + 5 × 0.2, yaani 2, na 648 ikigawanywa kwa 2 ni 324, inayotoa kiwango cha makosa cha pointi 5.4. Kaya 648 zimeshinda kaya 1,080 kwa gharama ile ile, na ushindi huo umetokana na kutembea zaidi na kuuliza kidogo kila mahali.

Idadi inayofaa hukisiwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa gharama ukizidishwa kwa (1 − r) / r. Kwetu uwiano ni 2,000 kwa 250, yaani 8, na 0.8 / 0.2 ni 4, hivyo ni kipeuo cha 32, karibu 5.7. Usiing'ang'anie desimali, kaya 5 au 8 hutoa matokeo yanayokaribiana sana, na ni 20 au 30 ndizo zinazoumiza. Lakini r ikiwa 0.02, jibu hupanda hadi karibu 20, ndiyo maana mpango uliofaa kura ya maoni ya siasa haufai kuhamishiwa kwenye maji bila kuguswa.

Hiyo r hutoka wapi? Njia bora ni kuipata katika utafiti wa awali uliouliza swali linalofanana. Ikikosekana, fanya jaribio dogo katika maeneo kama kumi na matano, uone majibu yanavyojipanga. Ukikuta maeneo mengi ambamo karibu kaya zote zimenunua au karibu zote hazikununua, r yako ni kubwa, wala hupaswi kuikadiria kwa matumaini.

Hatua ya tano: panga idadi kamili

Tunataka pointi 5, kwa hiyo 385 mara 2 ni mahojiano 770 yaliyokamilika. Si kila mlango utafunguliwa. Tukitarajia kaya 85 kati ya 100 zijibu, tunagawa 770 kwa 0.85 na kupata kaya 906 za kuchaguliwa. Wengi huongeza asilimia 15 juu ya 770 wakapata 886, na mwisho wa kazi wanapungukiwa. Maeneo 130, kila moja likichaguliwa kaya 7, hutoa kaya 910 na mahojiano kama 774, karibu sita kwa eneo, kama tulivyopanga. Gharama ni shilingi 260,000 za maeneo na 193,500 za mahojiano, jumla 453,500, kabla ya safari za kurudia.

Maeneo yenyewe yachaguliwe kwa bahati nasibu ambayo hulipa kila eneo nafasi kulingana na wingi wa kaya zake. Ukifanya hivyo, kisha ukachagua idadi ile ile ya kaya katika kila eneo, kila kaya ya kaunti hupata nafasi sawa, iwe Chaani au Nyali.

Linganisha sasa na pointi 3. Mahojiano yangekuwa 1,068 mara 2, yaani 2,136, katika maeneo 356, kwa shilingi 1,246,000. Karibu shilingi laki nane zaidi kwa ajili ya pointi mbili. Kama uamuzi wa hatua ya kwanza haubadiliki kwa pointi hizo, fedha hizo zina kazi bora, na mojawapo ni kurudi kwenye milango iliyofungwa.

Kuhusu milango hiyo, 0.85 inafidia idadi peke yake. Ukihoji saa nne asubuhi siku ya kazi utawakosa wanaofanya kazi bandarini na viwandani Changamwe, na nyumba iliyo tupu mchana kutwa huenda haichoti maji kama nyumba yenye watu ndani. Mhoji anayemchukua jirani badala ya aliyekosekana anaijaza hesabu, wala hauondoi upotofu, na upotofu huo hauonekani katika kiwango cha makosa hata ukihoji kaya laki moja. Mpango uwe kurudi angalau mara mbili, mara moja ikiwa jioni au Jumapili, na bila kubadilisha nyumba.

Hatua ya sita: usiahidi matokeo ya kaunti ndogo

Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mara tu idadi ya jumla ikikubaliwa, mtu mkutanoni ataomba ripoti ionyeshe kila moja. Kwa wastani kila kaunti ndogo itakuwa na mahojiano 129, ambayo baada ya kizidishi ni sawa na 65 hivi, na kiwango cha makosa ni pointi 12. Tukitaka kusema Likoni inanunua kuliko Kisauni hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa tofauti ya makadirio mawili hubeba mashaka ya yote mawili: zidisha 12 kwa 1.41, upate pointi 17. Tofauti ndogo kuliko hiyo haiwezi kutangazwa.

Kikundi kikitaka kila kaunti ndogo kwa pointi 7, kila moja inahitaji kaya 196 mara 2, yaani 392, na zote sita 2,352, kwa shilingi 1,372,000. Hapo tena kaunti ndogo zimepewa idadi sawa ilhali wakazi wake hawako sawa, kwa hiyo matokeo ya kaunti nzima yatapaswa kupewa uzito upya kulingana na wingi wa kaya. Njia ya kati ninayoipendelea ni kuchagua sehemu mbili tu, kisiwani na bara, na kukataa mapema yale mengine.

Hatua ya saba: kagua baada ya kazi

Kizidishi tulichopanga kilikuwa makisio, na majibu yakishaingia tunaweza kuacha kukisia. Andika asilimia ya kila eneo katika safu moja ya jedwali la kompyuta, maeneo 130 kutoka B2 hadi B131, kisha utumie fomula hii:

```
=1.96*STDEV(B2:B131)/SQRT(130)
```

Inafaa pale idadi ya mahojiano inapokaribiana katika maeneo yote, kama ilivyo hapa. Inapima jinsi maeneo yanavyotofautiana, hivyo mfanano wa majirani umo ndani yake tayari. Tuseme jumla ni asilimia 61 na mtawanyiko wa maeneo, yaani ile sehemu ya STDEV, ni pointi 28. Jibu ni 4.8, na masafa ni 56.2 hadi 65.8. Mtawanyiko ungekuwa 38, jibu lingekuwa 6.5, ishara ya kwamba r ni kubwa kuliko 0.2, na hicho ndicho kiwango kinachostahili kuchapishwa, si kile kilichoandikwa katika mpango.

Katika ripoti, sentensi ya matokeo iwe na vitu hivi pamoja: kaya 774 zilizohojiwa katika maeneo 130 ya Kaunti ya Mombasa, tarehe za mahojiano, kaya ngapi kati ya 910 hazikupatikana au zilikataa, swali lilivyoulizwa neno kwa neno, na kiwango cha makosa cha pointi 4.8 kwa uhakika wa asilimia 95, kikiwa kimezingatia uteuzi wa maeneo. Tarehe zina uzito wa pekee kwa swali hili, kwa kuwa siku saba zilizoulizwa zikiangukia wiki ambayo bomba kuu limepasuka, asilimia 61 itakuwa ni ya wiki hiyo tu.